Afisi Inaponyamaza

Ukataaji wa kimya hutokea pale sheria inapoipa afisi ya umma muda wa kujibu ombi, muda huo unapita bila jibu, na sheria hiyo hiyo inauhesabu ukimya kuwa ni kukataa. Hakuna barua iliyoandikwa, wala afisa aliyetia saini. Hata hivyo, tangu siku ya mwisho ilipopita, mwombaji anasimama mahali pa mtu aliyekataliwa kwa maandishi. Anapata haki zote za mtu huyo, na anabebeshwa pia mzigo wake, yaani kupeleka malalamiko yake mbele kabla muda wake mwenyewe haujakwisha.

Kanuni hii ilizaliwa na tatizo la kiutaratibu. Mahakama na mabaraza ya rufaa hupitia maamuzi. Afisi ambayo haijaamua lolote haijaacha kitu cha kupitiwa, na kwa hivyo afisa aliyeifungia barua ndani ya droo alikuwa salama kuliko mwenzake aliyejitokeza na kuandika kwamba ombi limekataliwa kwa sababu hizi na hizi. Ufaransa ililiondoa tatizo hilo kwa sheria ya tarehe 17 Julai 1900: miezi 4 ya ukimya wa serikali ilihesabiwa kuwa ni uamuzi wa kukataa, na mwananchi akapata kitu cha kupeleka mbele ya Baraza la Dola, ambalo ndilo mahakama ya juu ya kesi za utawala nchini humo. Miaka 100 baadaye muda huo ulipunguzwa ukawa miezi 2.

Si kila ukimya unaohesabiwa kuwa kukataa. Nchini Kenya, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema kwamba mtu aliyeomba kibali cha ujenzi akakaa siku 60 bila jibu la maandishi, kibali kitachukuliwa kuwa kimetolewa. Vivyo hivyo katika kodi: mlipakodi anayepinga makadirio asipopata uamuzi wa Kamishna ndani ya siku 60, pingamizi lake huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Ukimya katika sheria hizo mbili unampendelea mwananchi. Kwa hiyo swali la kwanza la mwombaji yeyote ni kujua sheria inayotawala ombi lake inaupa ukimya maana gani, kwa sababu aliyezoea kanuni ya kibali cha ujenzi anaweza kukaa akingoja ushindi ambao hauko njiani.

Maombi ya habari yako upande wa kukataa, na sababu yake ni nyepesi kuiona. Sheria inaweza kumchukulia mtu kuwa ana ruhusa, naye akaanza kuchimba msingi kesho yake. Lakini haiwezi kumchukulia kuwa ana nakala ya mkataba ilhali mkataba wenyewe umo ndani ya kabati la afisi. Karatasi haitoki kabatini kwa kuchukuliwa kuwa imetoka. Lazima mtu aagizwe aitoe. Kinachoweza kufanywa na sheria ni kuuita ukimya kwa jina la kukataa, kisha kumfungulia mwombaji mlango wa yule mwenye mamlaka ya kuagiza. Sura hii inaifuata njia hiyo kama ilivyowekwa na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya Kenya, Nambari 31 ya 2016. Uganda ina kanuni inayofanana nayo katika sheria yake ya 2005, pia kwa siku 21. Tanzania, kwa sheria yake ya 2016, huipa taasisi siku 30 za kujibu, na mtu anayeomba huko asizifuate hesabu zinazotolewa hapa.

Muda wa afisi

Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Sheria ya 2016 ndiyo inayoipa haki hiyo saa na kalenda. Chini ya kifungu chake cha 9, afisa wa upatikanaji wa habari, ambaye kwa kawaida ndiye mkuu wa taasisi au mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo naye, anatakiwa kuamua haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile ndani ya siku 21 tangu ombi lipokelewe. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Kifungu hicho hicho ndicho kinachosema kwamba mwombaji asipopata jibu ndani ya siku hizo 21, ombi litachukuliwa kuwa limekataliwa.

Siku hizo huhesabiwa kwa Sheria ya Ufafanuzi na Masharti ya Jumla, Sura ya 2 ya sheria za Kenya. Siku ya kupokelewa haihesabiwi. Siku ya kwanza ni ile inayofuata. Jumamosi, Jumapili na sikukuu zilizo katikati zinahesabiwa kama siku nyingine. Siku ya mwisho ikiangukia Jumapili, sikukuu au siku nyingine isiyo ya kazi serikalini, muda unasogezwa hadi siku ya kazi inayofuata. Kwa kuwa siku 21 ni wiki 3 kamili, ombi lililopokelewa Jumanne huishia Jumanne, na wikendi haileti matatizo sana. Sikukuu ndizo zinazosumbua.

Mambo mawili halali yanaweza kuigusa hesabu hiyo. La kwanza ni nyongeza. Afisa anaweza kuuongeza muda mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14, ikiwa habari inayotakiwa ni nyingi mno kiasi cha kuvuruga kazi za afisi, au ikiwa lazima washauriane na wengine kwanza. Nyongeza inapaswa kumfikia mwombaji kabla siku 21 hazijakwisha, kwa maana muda uliokwisha hauna kitu cha kuongezewa. La pili ni uhamisho. Afisi isiyo na habari inayotakiwa inaweza kulipeleka ombi kwa taasisi iliyo nayo ndani ya siku 5, na mwombaji hujulishwa. Taasisi inayolipokea haianzi kuhesabu upya: siku 21 bado ni zile zile za tangu ombi lilipowasilishwa mara ya kwanza. Jambo hili halijulikani sana, hata maafisini, na si ajabu kuona taasisi ya pili ikijipa wiki 3 mpya ambazo sheria haikuipa.

Mengine yote hayasimamishi saa. Kuna barua maarufu isemayo kwamba ombi lako limepokelewa na linashughulikiwa. Hilo si jibu kwa maana ya kifungu cha 9. Jibu linalotakiwa na sheria lina sehemu zake: linasema kama taasisi inayo habari hiyo au haina, kama ombi limekubaliwa au limekataliwa, sababu zake ikiwa limekataliwa, na jinsi mwombaji anavyoweza kulalamika. Barua ya kushughulikiwa haina hata moja ya hizo. Simu kutoka kwa karani anayeomba subira hadi mkuu arudi kutoka safari pia haina. Huenda karani anasema kweli kabisa, na huenda ni mtu mwema, lakini subira anayoombwa mwombaji inakatwa kwenye muda wa mwombaji, si wa afisi.

Ushahidi wa siku ya kwanza

Kesi za ukimya hushindwa zaidi kwa kukosa ushahidi wa kupokelewa kuliko kwa jambo lolote la kisheria. Mtu aliyekataliwa kwa barua ana barua mkononi. Aliyekataliwa kwa kimya hana kitu ila kile alichojiwekea mwenyewe siku alipowasilisha ombi. Afisi ikisema haijawahi kuliona ombi hilo, yeye ndiye atakayeulizwa.

Ushahidi wenye nguvu ni nakala ya barua yenye muhuri wa masjala, tarehe, na jina au saini ya aliyeipokea. Mwombaji huenda na nakala mbili, moja inabaki kule na nyingine inapigwa muhuri na kurudi naye. Masjala nyingine hukataa kuipiga muhuri nakala ya pili. Hapo inafaa barua itumwe kwa rejista ya posta na stakabadhi ihifadhiwe, au iletwe na mtu mwenye daftari la kupokezana barua ambalo mpokeaji hutia saini. Baruapepe inakubalika ikitumwa kwenye anwani rasmi ya taasisi, na ni vizuri kuweka nakala yenye tarehe na saa. Ujumbe wa simu kwa afisa mmoja mmoja ni msingi mbovu wa kuhesabia siku.

Maandishi ya ombi lenyewe yana uzito wake pia. Sheria inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na mtu asiyejua kuandika au mwenye ulemavu anaweza kulitoa kwa mdomo, afisa akaliandika. Kutotumia fomu ya taasisi si sababu ya kusema hakukuwa na ombi. Mwombaji hahitaji kueleza anaitakia nini habari hiyo. Anachohitaji ni kuieleza habari yenyewe kwa namna ambayo mtu wa masjala anaweza kwenda kuitafuta, kwa sababu ombi la kuletewa mambo yote kuhusu barabara za kaunti linaipa afisi, baadaye, kisingizio kwamba haikunyamaza bali haikuelewa. Inafaa pia kutaja kwamba mwombaji ni raia. Sheria ya 2016 inaihesabu kampuni au shirika linalodhibitiwa na raia wa Kenya kuwa raia, na kikundi kinachoomba kwa jina lake hufanya vyema kuliandika hilo wazi.

Mfano wa zahanati

Chukuliwe mfano wa kikundi cha wakaazi katika wadi moja ya Pwani, ambako kaunti ilijenga zahanati iliyosimama kwenye linta kwa zaidi ya mwaka. Kikundi kinataka nyaraka 3: mkataba uliotiwa saini kati ya kaunti na mwanakandarasi, orodha ya vipimo na bei za kazi, na hati za malipo yaliyokwisha kufanywa. Barua yao, iliyoelekezwa kwa katibu wa kaunti akiwa afisa wa upatikanaji wa habari, inapigwa muhuri wa masjala Alhamisi tarehe 10 Aprili 2025.

Siku ya kwanza ni Ijumaa tarehe 11. Siku 5 za kulihamisha ombi, ikiwa nyaraka ziko kwenye taasisi nyingine, zinaishia Alhamisi tarehe 17 Aprili, kwa sababu katika muda mfupi wa siku 6 au pungufu Sura ya 2 huziacha nje siku zisizo za kazi. Hakuna taarifa ya uhamisho inayofika. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka zinapita ndani ya siku 21 na zinahesabiwa. Tarehe 24 Aprili karani anapiga simu kusema barua imepelekwa idara ya afya, kikundi kisubiri. Kama ilivyokwisha kuelezwa, simu hiyo haibadilishi kitu, ingawa kikundi kinafanya vizuri kuandika tarehe, saa na jina la aliyepiga.

Siku ya 21 ni tarehe 1 Mei, ambayo ni Sikukuu ya Wafanyakazi. Muda wa kaunti unasogea hadi Ijumaa tarehe 2 Mei. Afisi zinafungwa jioni hiyo bila jibu, na ombi limekataliwa. Lau kaunti ingaliandika kabla ya hapo kuomba siku 14 zaidi kwa sababu ya wingi wa nyaraka, mwisho ungalikuwa tarehe 15 Mei, ingawa ni vigumu kuamini kwamba nyaraka 3 za mradi mmoja ni wingi wa kuvuruga kaunti.

Sasa saa ya kikundi ndiyo inayokwenda. Kifungu cha 14 kinampa mwombaji siku 30 kuomba mapitio mbele ya Tume ya Haki ya Utawala, ambayo Wakenya wengi huijua kwa jina la Ombudsman. Sheria inasema siku hizo huanza pale mwombaji anapojulishwa uamuzi, na hapo ndipo pana pengo la kuchekesha, kwa sababu katika ukataaji wa kimya hakuna anayejulishwa chochote. Wakili wa kikundi anaweza kudai kwamba siku 30 hazijaanza kabisa. Hoja hiyo inaweza hata kushinda, lakini ni hoja ya mtu aliyekwisha kuchelewa. Njia ya tahadhari ni kuhesabu kana kwamba taarifa ilitolewa siku ile ile muda wa afisi ulipokwisha.

Kuanzia tarehe 2 Mei, siku ya 30 ni tarehe 1 Juni 2025, ambayo ni Jumapili na vilevile ni Madaraka. Sikukuu inapoangukia Jumapili nchini Kenya, Jumatatu inayofuata huwa mapumziko, kwa hiyo hesabu kamili ya kisheria ingefika hadi Jumanne tarehe 3 Juni. Mtu mwenye busara haingojei tarehe hiyo. Akikadiria kwamba mtu fulani atadai siku 21 ziliishia tarehe 1 Mei bila kujali sikukuu, siku ya 30 ingekuwa Jumamosi tarehe 31 Mei. Kikundi kinachoweka ombi lake la mapitio kufikia Ijumaa tarehe 30 Mei kiko salama kwa hesabu zote. Tume ina uwezo wa kuruhusu muda zaidi, na ni taasisi isiyo na ukali wa mahakama katika jambo hili, lakini kuomba ruhusa ni kujiongezea kazi na kuipa kaunti neno la kusema.

Kuna mambo mawili yanayowaponza waombaji katika wiki hizo 4. Moja ni kuandika ombi jipya lenye maneno yale yale. Ombi jipya huanzisha siku 21 mpya, na kaunti itakuwa na furaha kuonyesha kwamba muda wake bado haujaisha. Kitu cha kuandika, kikiandikwa, ni barua fupi ya ukumbusho inayotaja tarehe ya ombi la kwanza, inayosema kwamba muda uliisha tarehe 2 Mei na kwamba ombi limechukuliwa kuwa limekataliwa, na kwamba kikundi kinaelekea kwenye Tume. Barua ya namna hiyo mara nyingine hufungua droo bila msaada zaidi. La pili ni mazungumzo. Kaunti ikianza kuahidi mara tu inapopata ukumbusho, kikundi kiendelee kuzungumza na wakati huo huo kiwasilishe ombi la mapitio. Nyaraka zikija, ombi huondolewa kwa barua ya mistari miwili.

Vipi jibu likifika tarehe 12 Mei? Kuchukuliwa kuwa ombi limekataliwa hakuizuii afisi kutoa habari baadaye, na ikitoa nyaraka zote 3, shauri limeisha. Ikitoa mkataba peke yake na kukataa hati za malipo kwa kusema ni siri ya kibiashara ya mwanakandarasi, basi sasa kuna uamuzi wa kweli wenye sababu zake, na mapitio yatauhusu uamuzi huo. Siku 30 zinaweza kuhesabiwa upya kuanzia barua hiyo kwa sehemu iliyokataliwa, ingawa aliyekwisha kuwasilisha mapema hana haja ya kuingia katika mjadala huo.

Mbele ya Tume

Ombi la mapitio si waraka mrefu. Linahitaji kueleza nani aliomba nini, kwa nani, lini. Linaambatanishwa na nakala yenye muhuri, maandishi yoyote ya baadaye, na maelezo kwamba hadi tarehe ya kuandika hakuna jibu lililopokelewa. Kisha linataja kinachotakiwa. Hapa waombaji wengi huandika tu kwamba hawakutendewa haki, na Tume huishia kutuma barua ya kuihimiza afisi. Kinachofaa kuombwa kwa jina ni amri ya kutolewa kwa habari, nyaraka zikitajwa moja moja kama zilivyotajwa katika ombi la kwanza. Kifungu cha 23 kinaipa Tume uwezo wa kutoa amri hiyo, pamoja na kupendekeza fidia, na kabla ya hapo uwezo wa kuwaita mashahidi na kudai nyaraka. Tume haitozi ada, na mbali na makao yake Nairobi ina afisi Mombasa, Kisumu na kwingineko.

Katika mapitio ya ukataaji wa kimya, afisi huingia ikiwa na udhaifu wa aina yake. Kifungu cha 6 cha sheria kina orodha ya mambo yanayoweza kufichwa, yakiwemo usalama wa taifa, faragha ya mtu na masilahi ya kibiashara, na hata hayo yanaweza kushindwa na manufaa ya umma. Anayetaka kuficha ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba habari imo ndani ya orodha. Afisi iliyokataa kwa barua ilikwisha kuitaja sababu yake. Iliyonyamaza inaitaja kwa mara ya kwanza ikiwa tayari imeitwa, na Tume ina haki ya kujiuliza kama sababu hiyo ilikuwapo tarehe 2 Mei au imetungwa baada ya wito. Kwa upande mwingine, sababu inayochelewa haiwi batili kwa kuchelewa tu. Ikiwa hati za malipo zina namba ya akaunti ya benki ya mwanakandarasi, namba hiyo itafunikwa hata kama kaunti ilikaa kimya mwaka mzima. Ukimya unamfikisha mwombaji mbele ya mpitiaji, lakini haumhakikishii kila mstari wa kila karatasi.

Afisa mwenyewe pia anaweza kuulizwa. Kifungu cha 28 kinalifanya kosa la jinai jambo la afisa wa habari kushindwa kujibu ndani ya muda uliowekwa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Kukitaja kifungu hiki katika barua ya ukumbusho kuna faida kuliko kukitegemea kama njia ya kupata nyaraka, kwani kesi ya jinai huendeshwa na wengine, kwa kasi yao, na afisa akitozwa faini kabati bado limefungwa.

Tume ikiamua, asiyeridhika ana siku 21 tangu tarehe ya amri kukata rufaa Mahakama Kuu. Afisi isipokata rufaa na isipotii, aliyeshinda anaweza kuiwasilisha amri hiyo Mahakama Kuu na kuomba ruhusa ya kuitekeleza kama hukumu ya mahakama, ombi ambalo husikizwa bila upande wa pili kuwepo. Kufikia hapo, kukaidi ni kuikaidi mahakama. Waombaji wengi huishia kwenye amri wakidhani ndiyo mwisho, kisha wanashangaa kuona kaunti ikinyamaza kwa mara ya pili.

Mlango wa Mahakama Kuu

Je, kikundi kingeweza kwenda Mahakama Kuu moja kwa moja tarehe 3 Mei? Haki yenyewe ni ya Katiba, na wapo waliokwenda na kushinda. Mnamo Novemba 2017 Jaji Mwita wa Mahakama Kuu, Nairobi, aliamua kesi ya shirika la Katiba Institute, lililokuwa limeomba habari kuhusu matangazo ya serikali yaliyotolewa karibu na uchaguzi wa mwaka huo na gharama zake, bila kupewa. Alisema haki yao chini ya kifungu cha 35 ilikuwa imevunjwa, akaagiza habari itolewe. Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa, mbele ya Jaji Mativo, iliagiza serikali itoe mikataba ya reli ya kisasa ya SGR kwa wanaharakati wawili walioiomba kwa barua bila mafanikio.

Hata hivyo, kifungu cha 9 cha Sheria ya Haki katika Utendaji wa Utawala ya 2015 kinaitaka mahakama isisikize shauri mpaka njia nyingine zilizowekwa na sheria ziwe zimetumika, isipokuwa pakiwa na hali ya kipekee na mwombaji aombe aachiliwe sharti hilo. Majaji kadhaa wamewarudisha walalamishi kwa Tume kwa msingi huo. Hali ya kipekee inaonekana kwa urahisi zaidi pale muda wenyewe unapoila haki: habari za uchaguzi uliobaki wiki 3, au ombi la saa 48 linalohusu mtu aliyekamatwa asijulikane aliko, ambapo wakili hataanza na Tume bali atamwomba jaji aamuru mtu huyo aletwe mahakamani. Zahanati iliyosimama mwaka mzima ni jambo la kuudhi, lakini ni vigumu kumshawishi jaji kwamba haiwezi kungojea mapitio ya Tume. Kwa kikundi cha mfano wetu, kuruka Tume kungemaanisha kulipia ada za mahakama na wakili ili kuambiwa kirudi kule kilikoweza kwenda bure, na huenda siku zake 30 zikawa zimepita.

Kuna jibu moja ambalo njia hii yote haiwezi kulishinda kwa urahisi. Kaunti, ikisukumwa na Tume, inaweza kuandika kwamba imeleta mkataba na hati za malipo, lakini orodha ya vipimo na bei haipatikani. Hapo si ukimya tena, wala si kukataa kwa kawaida, kwa sababu hakuna amri inayoweza kutoa karatasi isiyokuwepo. Kilichobaki kwa kikundi ni kuomba maelezo hayo yatolewe kwa kiapo na afisa anayehusika, yakieleza mahali palipotafutwa na aliyetafuta, kwa kuwa kifungu cha 17 kinaitaka kila taasisi ya umma kutunza kumbukumbu zake kwa namna inayowezesha kuzipata. Kikundi kinaweza pia kuandikia taasisi nyingine ambazo nakala hupita mikononi mwake, kwa mfano Afisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ikiwa mradi ulikaguliwa. Kwa taasisi hiyo ombi ni jipya kweli, na siku 21 zinaanza siku inayofuata ile ya muhuri wa masjala yake.